Ziara hazihesabiki vizuri? Jinsi ya kukagua sesheni za pengo la dakika 30

Kama wewe ndo unatengeneza ziara, yaani sesheni, mwenyewe kutoka kwenye data ghafi ya saiti, kanuni yenyewe ni fupi sana. Chukua kliki za mgeni mmoja, zipange kwa muda, na popote ambapo kati ya kliki na inayofuata zimepita zaidi ya dakika 30 kimya, ziara ya kwanza imeishia hapo na nyingine imeanza. Tatizo ni kwamba hii kitu ikiharibika haipigi kelele, kweri, yaani swali unaloiuliza databesi, inakubali, namba zinatoka, grafu inachoreka vizuri tu, na unaweza kukaa nayo mwaka mzima bosi anaisoma kila Jumatatu na hakuna aliyegundua. Kwa hiyo unaikamata kwa dalili zake.

Nitatumia mfano mmoja: saiti ya kuuza tiketi za basi, mtu yuko Kampala anataka kwenda Gulu. Muda ni wa saa za huku kwetu Uganda.

```
19:42  ukurasa wa kwanza (katokea WhatsApp)
19:44  tafuta Kampala-Gulu
19:51  chagua siti
20:18  rudi kwenye siti
20:20  lipa
20:21  tiketi tayari
21:05  fungua tiketi
```

Kati ya 19:51 na 20:18 kila mtu wa huku anajua kilichotokea, salio halikutosha, jamaa kashuka chini kwa wakala wa mobail mani kuweka pesa, kakuta foleni, karudi. Pengo ni dakika 27, bado ndani ya 30, kwa hiyo ziara inaendelea. Kutoka 20:21 mpaka 21:05 ni dakika 44, hapo imekatika. Jibu ni ziara 2: ya kwanza kliki 6 na urefu wa dakika 39, ya pili kliki moja na urefu sifuri. Huyu mtu mweke kwenye jedwali dogo la majaribio na kila ukibadilisha skripti pitisha data yake kwanza, akitoka na kitu kingine zaidi ya 6 na 1 usiendelee.

Na kweri ninayoitumia ni hii, ya PostgreSQL:

```sql
SELECT *, SUM(mpya) OVER
         (PARTITION BY mgeni ORDER BY muda, tukio_id) AS ziara
FROM (
  SELECT *,
    CASE WHEN muda - LAG(muda) OVER
              (PARTITION BY mgeni ORDER BY muda, tukio_id)
              <= INTERVAL '30 minutes'
         THEN 0 ELSE 1 END AS mpya
  FROM matukio
) t;
```

LAG inaleta muda wa kliki iliyotangulia ya mgeni huyohuyo, tunapima pengo, kliki inayoanzisha ziara inapewa 1 na nyingine 0, alafu tunajumlisha hizo 1 kwenda chini na jumla ndo namba ya ziara.

Dalili: malipo mengi yanatokea kwenye ziara isiyo na chanzo

Unaangalia waliolipa wametokea wapi, WhatsApp, Facebook, Google, na unakuta fungu kubwa limeandikwa hakuna chanzo, na ziara zao zinaanzia kwenye ukurasa wa siti au wa malipo. Mtu hawezi kuanza safari kwenye ukurasa wa malipo, labda ametumiwa linki na mwenzake, lakini si wote hao.

Sababu ya kawaida ni kwamba aliyeandika hakupima kimya, alipima dakika 30 tangu ziara ilipoanza. Rudi kwa mtu wetu wa Gulu. Ziara ilianza 19:42, saa 20:18 zimeshapita dakika 36, basi skripti inamkata hapohapo, na WhatsApp iliyomleta inabaki kwenye ziara ya kwanza isiyo na malipo huku pesa imeingia kwenye ya pili isiyo na baba wala mama. Kuna ndugu yake hili kosa, la kugawa saa vipande vya nusu saa, 19:30 mpaka 20:00, 20:00 mpaka 20:30, na kila kipande kuitwa ziara. Huyo atakupa ziara 3 kwa mtu wetu, na mtu aliyebonyeza 19:59 na 20:01 atahesabiwa mara mbili kwa dakika mbili tu.

Namna ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili: chora urefu wa ziara zote. Kama hakuna hata ziara moja inayovuka dakika 30 na grafu imekatwa pale kama kwa panga, unapima tangu mwanzo au unagawa saa. Kwenye kanuni sahihi ziara inaweza kwenda saa mbili, alimradi mtu hajakaa kimya zaidi ya nusu saa. Kutofautisha kati ya hizo mbili angalia dakika ambazo ziara zinaanzia, ukikuta zimerundikana :00 na :30 basi ni vipande vya saa.

Dalili: ziara ni chache kuliko wageni

Hii haiwezekani kihesabu, kila mgeni aliyebonyeza hata mara moja ana ziara angalau moja. Ukiikuta angalia CASE yako. Watu wengi wanaiandika kinyume, kama pengo ni zaidi ya dakika 30 weka 1, la sivyo 0. Inasomeka vizuri kabisa, ila kliki ya kwanza kabisa ya mgeni haina iliyotangulia, LAG inarudisha NULL, na NULL si zaidi ya dakika 30 wala si pungufu, inaangukia kwenye la sivyo na kupewa 0. Ukihesabu ziara kwa kujumlisha hizo 1, kila mgeni amepoteza ziara yake ya kwanza, na aliyekuja mara moja tu hayupo kabisa. Ndo maana mimi naandika upande wa pili, pengo likithibitika kuwa dogo ndo 0, mengine yote 1.

Kuna ukaguzi wa upande wa juu pia, ziara haziwezi kuzidi kliki. Wageni, ziara, kliki, hizo namba tatu lazima zipande kwa mpangilio huo kila siku, na hiyo ni kweri ya mstari mmoja unayoweza kuiacha ikijiendesha yenyewe.

Dalili: karibu kila kliki ni ziara yake, au ziara moja inachukua wiki mbili

Zinaonekana kama dalili mbili lakini ugonjwa ni mmoja, vipimo vya muda. Brauza ikitoa muda kwa `Date.now()` inatoa milisekunde. Dakika 30 ni sekunde 1,800. Ukichukua data ya milisekunde ukaipima na 1800, umeweka mpaka wa sekunde 1.8, na ni nadra mtu kubonyeza haraka hivo, basi mtu wetu wa Gulu anatoka na ziara 7. Kinyume chake data iko kwa sekunde na wewe umeweka 1800000, hiyo ni kama siku 21 za kimya, mtu atakwenda Gulu akarudi akaenda tena na bado yuko kwenye ziara ileile.

Hesabu tarakimu tu. Muda wa sekunde kwa miaka hii una tarakimu 10, wa milisekunde una 13. Mbaya zaidi ni pale data imechanganyika, kwa mfano kliki za brauza zinakuja kwa milisekunde na malipo yanarekodiwa na seva kwa sekunde, alafu yote yametupwa kwenye safu moja. Hapo ukiyasoma yote kama milisekunde malipo yote yanajikuta Januari 1970, yanapangwa kabla ya kila kitu, na kila aliyelipa anaonekana ana ziara moja ya ajabu ya miaka hiyo yenye malipo peke yake. Ukiona 1970 popote usihangaike na kweri, nenda kwenye mlango data inapoingilia ukarekebishe huko.

Dalili: ziara zenye urefu wa saa tisa na kliki mia tano

Hapa kaa kidogo kwa sababu kuna visababishi kadhaa na vinafanana kwa mbali. Chukua ziara ndefu kumi za jana uzisome kliki kwa kliki, kwa macho yako, usikimbilie wastani.

Ukikuta ndani ya ziara moja mtu anatafuta Kampala-Gulu, dakika hiyohiyo anatafuta Mbarara, alafu Arua, alafu analipa siti mbili za mabasi tofauti, huyo si mtu mmoja. Angalia safu ya `mgeni` imetengenezwa na nini. Kama ni anwani ya IP, basi umeshajua. Mitandao ya simu inaweka wateja wengi sana nyuma ya anwani moja ya nje, na huku kwetu wengi wanaingia kwa simu, kwa hiyo kuhesabu wageni kwa IP ni kama kuhesabu abiria kwa kuhesabu milango ya basi. Watu kumi wakibonyeza kwa kupokezana pengo la dakika 30 halitokei kamwe, ziara inaanza asubuhi na kufa usiku. Na IP inakosea upande wa pili pia, mtu akitoka kwenye waifai ya ofisini akawasha bando lake anwani inabadilika katikati ya safari na ziara moja inakuwa mbili. Tangu kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilipoanza Julai 2018 watu wengi huku walizoea VPN, na japo kodi yenyewe iliondolewa 2021, mtu wa VPN anaweza kuonekana yuko Kampala saa hii na Uholanzi dakika tano baadae. Kuongeza taarifa za brauza juu ya IP kunapunguza makali kidogo, lakini simu za aina moja ziko nyingi mno mtaani. Weka kuki yenye aidii ya nasibu, au namba ya akaunti kama mtu ameingia, na IP ibaki kwa mambo mengine.

Sasa labda unayo kuki tayari na bado kuna jitu moja lenye kliki elfu nyingi. Angalia kama `mgeni` wake ni NULL. Brauza iliyokataa kuki inaleta aidii tupu, na PARTITION BY inawaweka NULL wote kwenye kundi moja, yaani wote waliokataa kuki wamegeuka mtu mmoja asiyelala. Kuna wanaoweka neno kama "haijulikani" badala ya NULL, ni yaleyale. Watoe hao nje ya hesabu ya ziara na waripoti pembeni kama kliki tu, ni ukweli zaidi kuliko kuwabunia ziara.

Alafu kuna ziara ndefu za mtu mmoja kweli. Unaisoma, ukurasa ni uleule wa siti, na matukio yanakuja kila sekunde 60 kamili bila kupepesa. Huyo ameacha ukurasa wazi kwenye laptopu akaenda kula, na ukurasa unajisasisha wenyewe kuonyesha siti zilizobaki, kila kujisasisha kunatuma tukio, na kila tukio linaua kimya. Dawa si kupunguza dakika 30 ziwe 10, maana tukio la kila dakika litavuka mpaka wowote unaouweka juu ya dakika moja. Dawa ni kuamua matukio gani yanahesabika kama mtu yupo: kubonyeza, kutafuta, kufungua ukurasa, kulipa. Yale ya mashine yachuje kabla hayajafika kwenye LAG. Ukichuja baada ya LAG umechelewa, mapengo yameshapimwa na matukio ya mashine ndani yake.

Kimoja kisicho na dawa kamili ni kompyuta ya intaneti kafee. Nenda Wandegeya karibu na Makerere, kompyuta moja, brauza moja, kuki moja, mwanafunzi anainuka mwingine anakaa baada ya dakika mbili. Pengo la muda haliwezi kuwatenganisha hao. Kama watu wanaingia kwenye akaunti unaweza kulazimisha ziara mpya kila akaunti inapobadilika ndani ya kuki moja, hiyo inasaidia kwa wanaolipa, kwa wanaoangalia tu vumilia.

Dalili: kila usiku saa tisa ziara zinapanda ghafla

Hii ndo ninayoipenda kwa sababu ukiijua unaiona kwa jicho. Chora idadi ya ziara kwa saa na dakika zilipoanzia, mwezi mzima ukiwekwa juu ya siku moja. Saa tisa usiku, 03:00, kuna kamlima kadogo kanakodumu kama nusu saa hivi alafu kanaisha. Saiti haijafanya chochote, hakuna basi la saa hiyo, kwa hiyo nini kimetokea?

Seva inatunza muda kwa UTC na Uganda iko saa tatu mbele, mwaka mzima, hatubadilishi saa. Siku ya UTC inageuka sisi tukiwa saa tisa usiku. Kazi ya kila siku inachukua kliki za siku moja ya UTC, inatengeneza ziara, inamaliza, kesho inachukua siku nyingine. Mtu aliyekuwa anabonyeza 02:50 na 03:05 kliki zake zimeangukia kwenye mafungu mawili, na fungu la pili likianza halijui kama kulikuwa na 02:50, linaona kliki ya 03:05 haina iliyotangulia, ziara mpya. Nusu saa ya mlima inatoka hapo, baada ya 03:30 kliki yoyote ya mtu aliyekuwa kimya tangu kabla ya 03:00 ingekuwa ziara mpya hata kwa haki. Ukihamisha kazi iende kwa siku ya Kampala hujatibu kitu, umehamisha mlima kutoka saa tisa kwenda saa sita usiku ambapo watu wako macho zaidi, na mlima utakuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

Watu wengi wakishaelewa wanasema basi nitasoma dakika 30 za nyuma. Inatibu nusu. Dakika 30 zinatosha kujua kama kliki ya 03:05 ni ziara mpya au la, hapo sawa. Hazitoshi kujua ziara hiyo ilianza lini na ilitokea wapi, kwa sababu mtu anaweza kuwa alianza 01:40 na amekuwa akibonyeza kila dakika ishirini, mwanzo wake uko nje ya unachosoma, na utampa mwanzo wa uongo wa 02:40 na chanzo tupu. Soma nyuma vya kutosha, na uandike upya ripoti ya siku iliyotangulia pia, kwa sababu ile ziara iliyovuka usiku jana iliandikwa nusu. Kwa kazi ya tarehe 10 Machi mimi nasoma hivi:

```sql
WHERE muda >= TIMESTAMPTZ '2025-03-10 00:00+03' - INTERVAL '2 days'
  AND muda <  TIMESTAMPTZ '2025-03-11 00:00+03'
```

Nasoma tarehe 8, 9 na 10, naandika upya ziara zilizoanza 9 na 10 tu. Tarehe 8 ipo kwa kazi moja, kunionyesha kwamba ziara fulani inayoonekana kuanza 9 usiku kumbe ilianza 8, na hiyo ilishaandikwa kamili kwenye kazi iliyopita. Ziara ya binadamu inayozidi saa 24 sijawahi kuiamini, hiyo rudi juu kwenye sehemu ya kujisasisha. Na huo WHERE ukae kwenye kweri ya ndani, ile yenye LAG. Kichujio cha kubakiza 9 na 10 kikae nje kabisa, juu ya ziara zilizokwisha kutengenezwa, na kiangalie mwanzo wa ziara, sio muda wa kliki. Ukikisukuma ndani kwa sababu kweri ni nzito, umerudisha ukuta uleule uliokuwa unaubomoa.

Kama data ni kubwa mno kusoma siku tatu kila siku, tunza jedwali la ziara zilizo wazi: mgeni, kliki yake ya mwisho, mwanzo wa ziara, aidii ya ziara. Kazi ya kesho inaanza kwa kulisoma hilo. Ni nafuu ila ukirudia siku moja ya nyuma lazima urudie zote zinazofuata, kwa saiti ya kati siioni faida yake.

Dalili: ripoti ya juzi leo ina ziara pungufu

Jumatano ulisoma namba, Ijumaa namba ya Jumatano imeshuka, na hakuna aliyefuta kitu. Huenda ni sawa kabisa. Apu ya simu mtu akiishiwa bando inatunza kliki, akipata mtandao inazituma. Sema ulikuwa na kliki za 19:45 na 20:25, pengo dakika 40, ziara mbili. Usiku inafika kliki iliyochelewa ya 20:00. Sasa mapengo ni 15 na 25, ziara moja. Kliki iliyochelewa inaweza kurefusha ziara, kuunganisha mbili, au kusimama yenyewe kama ziara mpya, ila haiwezi kupasua ziara iliyokuwa nzima. Kwa hiyo ukikuta ziara ya jana imepasuka na hakuna kliki iliyoondolewa, tafuta kosa sehemu nyingine, si uchelewaji.

Hiyo inafanya kazi tu kama unapanga kwa muda kliki ilipotokea. Ukipanga kwa muda seva ilipoipokea utaona kliki thelathini ndani ya sekunde moja, nusu saa nzima ya mtu imebanwa ikawa punje. Tatizo la upande wa pili ni saa ya simu yenyewe, kuna simu zimewekwa saa vibaya au zimezima betri zikaamka na tarehe ya zamani. Njia iliyozoeleka ni simu itume muda wa kliki pamoja na muda wa kutuma, vyote kwa saa yake hiyohiyo mbovu. Simu inasema kliki ilikuwa 16:51 na inatuma 17:40, seva inapokea 20:40. Tofauti ya kutuma na kupokea ni saa tatu, ongeza saa tatu kwenye kliki, unapata 19:51, mtu wetu anachagua siti. Inashindwa pale mtu anapobadilisha saa katikati, kati ya kubonyeza na kutuma, na hapo ukikuta kliki iko mbele ya muda wa kupokelewa iweke kando.

Amua pia utasubiri mpaka lini. Kwa kurudia siku mbili kama hapo juu, kliki iliyochelewa siku nne haina nafasi tena, na sawa, ila andika kila siku zimeachwa ngapi, ili siku mtandao umekatika eneo kubwa uone namba hiyo inaruka.

Dalili: ukurasa wa kuingilia unabadilika kila ukiendesha tena

Data ileile, kweri ileile, ziara idadi ileile, lakini ukurasa wa kwanza wa ziara leo ni A kesho ni B. Kliki mbili zina muda mmoja kamili na ORDER BY ina muda peke yake, databesi inachagua yoyote iwe mbele. Ndo maana nimeweka `tukio_id` pale juu kwenye sehemu zote mbili, ukiiweka kwenye moja tu bado.

Karibu na hapo, usitumie namba ya ziara kama aidii ya kudumu. Ziara ya 3 ya mgeni leo inaweza kuwa ya 2 kesho kliki iliyochelewa ikiunganisha zile mbili za mwanzo, na kila jedwali lililoshika namba ya zamani linaelekeza pasipo. Tumia `tukio_id` ya kliki ya kwanza ya ziara, hiyo inabadilika pale tu mwanzo wenyewe unapobadilika.

Dalili: ziara nyingi zina urefu wa sekunde sifuri

Si kosa. Kliki moja haina ya kupimia, na hata ziara ndefu hujui mtu alikaa muda gani kwenye ukurasa wa mwisho. Usijaze na dakika 30 za kusubiri, nimeona watu wanafanya hivo na wastani unapaa bila sababu. Toa ripoti ya idadi ya ziara za kliki moja peke yake.

Dalili: hailingani na Google Analytics

Haitalingana sawasawa, na kabla hujachimba jua unalinganisha na ipi. Ile ya zamani, Universal Analytics, iliyoacha kupokea data Julai 2023, ilikuwa inakata ziara usiku wa manane na pia kila mtu anaporudi kwa kampeni nyingine hata kama dakika mbili tu zimepita. Ile mpya, GA4, haikati kwa hayo yote mawili, inaangalia kimya tu, dakika 30 zikiwa ndo za kawaida na unaweza kuzibadilisha. Kwa hiyo ripoti ya zamani ya bosi ikiwa na ziara nyingi kuliko zako kwa data ya 2022 na kanuni yako ni ya kimya tupu, anza hapo, tafuta zilizovuka usiku na zilizobadilisha chanzo katikati, zihesabu, uone zinafunika tofauti kiasi gani.

Na mtu akikwambia badilisha dakika 30 ziwe 45 kwa sababu foleni za wakala ni ndefu, mwombe grafu ya mapengo kabla ya kliki ya malipo kwanza. Hata hiyo 30 haikushushwa kutoka mbinguni: mwaka 1995 Catledge na Pitkow wa Georgia Tech walipima watumiaji wa brauza wakapata wastani wa dakika 9.3 kati ya matukio, wakaongeza mikengeuko sanifu moja na nusu wakafika 25.5, na watu baadae wakazoea kuikamilisha kuwa 30. Kama kwenye saiti yako malipo mengi yanakuja baada ya pengo la dakika 35, 40, basi ana hoja, badilisha na urudie historia yote kwa mpaka mpya. Kama mapengo mengi ni chini ya 20 na bado malipo yanakatika, mpaka hauna kosa, rudi juu uanze na ile grafu ya urefu.